Vibao vya Kliniki na Hukumu ya Mgeni

Imeenea katika zahanati, vituo vya afya na kliniki za miji yetu dhana moja ambayo, kwa kuwa imesemwa mara nyingi na watu wenye madaraka na nia njema, haidaiwi tena ushahidi: kwamba maadamu wagonjwa wengi hawajui kusoma, na wengine wametoka mbali wala hawaielewi lugha iliyoandikwa ukutani, njia ya kuwaongoza ni kuyaondoa maneno, kutundika picha, na kuipaka kila idara rangi yake, kwa sababu picha, wasemavyo, haihitaji mkalimani, na rangi huonwa na kila mwenye macho. Vibao vikiisha kuchorwa huletwa mezani mbele ya mganga mfawidhi, muuguzi kiongozi na mhasibu. Hupitishwa mkono kwa mkono. Kila mmoja hukiri kwamba vinaeleweka na vinapendeza. Kisha hati ya malipo hutiwa sahihi, na hiyo huitwa tathmini. Mimi nasema waziwazi kwamba dhana hiyo ina makosa pande zote: picha na rangi, zilizopewa daraja ya kwanza, zina uwezo mdogo kuliko unaodhaniwa, mahali pa kuweka kibao, ambapo aghalabu huachiwa fundi mwenye ngazi na nyundo apachague, ndipo panapoamua kama mgonjwa atafika au hatafika, na wenyeji wa jengo hawafai hata kidogo kuwa mahakimu wa jambo hili.

Insafu yataka nianze kwa kukubali yaliyo ya kweli katika maneno ya wapinzani wangu. Picha ina kazi yake, tena kazi kubwa. Mwaka 1974 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, pamoja na chama cha wachoraji wa huko, ilitoa alama 34 za kuwaongoza wasafiri, na leo mtu akishuka katika kiwanja cha ndege asichokijua hutambua choo, ngazi na mahali pa kuchukulia mizigo bila ya kusoma neno. Lakini tuangalie alama hizo zinaonyesha nini: ngazi ni kitu, sanduku ni kitu, mwanamume na mwanamke ni maumbo yanayojulikana. Kliniki haiongozi watu kwenda kwenye vitu. Yaongoza kwenda kwenye huduma, na huduma haina umbo. Ni picha gani itakayomwonyesha mgonjwa dirisha la bima, na kulipambanua na dirisha la malipo? Ni picha gani ya chumba cha vipimo vya awali, pale apimwapo joto, uzito na shinikizo la damu, isiyoweza kudhaniwa kuwa ni chumba cha daktari? Mchoraji akibanwa na maswali haya hukimbilia chombo kitumikacho ndani ya chumba, na hapo ndipo mashaka yanapoanza.

Chukua kinu na mchi, ambavyo katika nchi za Ulaya vimekuwa alama ya duka la dawa tangu zama ambazo mtengeneza dawa alisaga mizizi na chumvi mbele ya mteja wake. Kwa mwanamke wa pwani, au wa bara, ambaye ametwanga mpunga au mahindi tangu utotoni, kinu na mchi ni jiko, ni chakula, ni nyumbani. Akiona picha ile juu ya dirisha ana haki kamili ya kudhani kwamba hapo huuzwa chakula cha wagonjwa. Chukua nyoka aliyejizinga fimboni, ambaye kwa msomi wa tiba ni urithi wa Wayunani, na kwa mtu aliyekuja kutibiwa homa yaweza kuwa onyo la hatari. Chukua hadubini, iwekwayo mlangoni pa maabara: mgonjwa hajapata kuitazama, kwa sababu damu yake hutolewa upande huu wa pazia na hadubini hukaa upande wa pili. Ama msalaba mwekundu juu ya weupe, unaopakwa kwenye kuta za kliniki nyingi kana kwamba ni mali ya kila mwenye bomba la sindano, huo umehifadhiwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 kwa huduma za tiba za majeshi na kwa vyama vya Msalaba Mwekundu, na kuutumia kama kibao cha kliniki ni kuutumia pasipo haki.

Sisemi haya kwa kukisia. Mwaka 2001 Ros Dowse na Martina Ehlers, wa Chuo Kikuu cha Rhodes katika Afrika ya Kusini, walichapisha utafiti wao juu ya picha za maelezo ya dawa, ambamo waliwaonyesha Waxhosa wenye elimu ndogo ya shule picha zilizotungwa Marekani na nyingine zilizotungwa huko huko kwa kushauriana na watu wenyewe, na zile za huko zikafahamika zaidi. Hata Wamarekani, walipotoa mwaka 2005 alama 28 kwa ajili ya hospitali zinazohudumia wahamiaji, katika mradi ulioitwa Hablamos Juntos, walizijaribu kwanza kwa wasemaji wa lugha mbalimbali. Wanaoziiga huku kwetu huchukua picha wakaliacha jaribio, ilhali jaribio ndilo lenye thamani.

Na jaribio hilo lina kanuni zake. Kanuni ya Marekani iitwayo ANSI Z535.3 haiikubali picha ya tahadhari isimame peke yake mpaka watu 85 katika kila 100 waeleze maana yake sawasawa, na walioifahamu kinyume, kwa namna iletayo madhara, wasizidi 5. Hicho ni kipimo kikali, na kibao cha njia hakihitaji ukali wote ule. Lakini sharti lake la pili ni la hekima kubwa, kwa sababu lapambanua kati ya kutojua na kujua vibaya. Asiyeifahamu picha husimama akauliza. Aliyeifahamu kinyume huenda kwa yakini upande usio wake, akapanga foleni isiyo yake, na saa nzima ikapotea. Swali lenyewe huulizwa wazi, «Waona hii yaonyesha nini, na ungeitazamia mahali gani?», wala mjibu hapewi majibu matatu achague moja, kwa kuwa katika majibu matatu hata mwenye kubahatisha hupata. Na waulizwao ni watu wa aina ya wagonjwa wa kliniki hiyo. Muuguzi aliyekaa miaka kumi katika jengo haisomi picha, huikumbuka.

Tena kuna ushahidi juu ya kuyaondoa maneno. Mwaka 1991 mtafiti Michael O'Neill alieleza majaribio yake ya kuwatembeza watu katika majengo yenye ramani za utata mbalimbali, mara kwa vibao vya picha, mara kwa vibao vya maneno, mara bila ya vibao. Vibao vya picha viliwafanya watu waende haraka zaidi. Vibao vya maneno vilipunguza zaidi makosa, yaani kukata kona isiyo sahihi na kurudi nyuma. Kliniki haina haja ya mgonjwa aendaye mbio. Ina haja ya mgonjwa asiyekosea. Kwa hiyo neno lisiondolewe kwa ajili ya picha, bali viandamane, na juu ya vyote viwili iwekwe namba. Kwani huyo asiyejua kusoma, ambaye jina lake hutajwa kila picha inapotetewa, aghalabu azijua tarakimu, maana hushika noti na hubonyeza simu. Na hata asiyezijua aweza kulilinganisha umbo la 7 lililoandikwa kwenye kikaratasi chake na umbo la 7 lililoandikwa mlangoni. Namba haidai tafsiri, haifanani na jiko, wala haimtishi mtu kwa nyoka.

Sasa nije kwenye rangi. Wapinzani wangu hudhani kwamba nitasimama juu ya upofu wa rangi, nami sitaikuza hoja hiyo kupita kiasi chake: wanaume wasiopambanua nyekundu na kijani ni kama 8 katika 100 miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, na kwetu Afrika ni wachache zaidi. Lililo zito zaidi kwetu ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho la mzee, ikizidi kugeuka manjano na hudhurungi, huzuia mwanga wa buluu usipite, hata buluu iliyokoza hufanana na nyeusi na kupambanua buluu na kijani huwa taabu. Na mzee huyo ndiye mteja wa daima wa kliniki, ambaye wakati mwingine amekuja kwa ajili ya macho yayo hayo.

Lakini hoja kubwa kuliko hiyo ni kwamba ndani ya kliniki rangi zimekwisha kuajiriwa. Katika mpango wa kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao uliotungwa Afrika ya Kusini na kutumiwa katika nchi nyingi za bara hili, nyekundu ni ya mtu asiyeweza kungoja, kisha hufuata rangi ya chungwa, kisha manjano, kijani ni ya awezaye kungoja, na buluu ni ya aliyekwisha kufariki. Ndoo za taka nazo zina rangi zao: manjano kwa taka zenye maambukizo, nyekundu kwa zile za hatari zaidi. Meneja akija na mchoraji wake akaipaka maabara manjano na kliniki ya mama na mtoto buluu, ameipa rangi moja maana mbili au tatu katika nyumba moja, na mfanyakazi mgeni aliyefundishwa maana ya kwanza ndiye atakayetatizika hapo penye haraka. Zaidi ya hayo, mstari wa rangi uliochorwa sakafuni, ambao husifiwa kuliko kitu chochote, hufunikwa na miguu ya foleni saa ile ile watu wanapouhitaji; na ukiwa waelekea kwenye chumba cha tiba ya virusi vya ukimwi au cha kifua kikuu, humtangaza kila aufuataye mbele ya majirani zake waliokaa kwenye benchi. Mgonjwa akijua hivyo hataufuata. Na yamkini hatarudi tena kuchukua dawa.

Rangi basi ifanye kazi mbili tu. Ya kwanza ni kuwa vibao vyote vya njia viwe na usuli mmoja usiotumiwa na tangazo lolote jingine ukutani, ili jicho litambue kutoka mbali kwamba kile ni kibao cha njia, si bango la chanjo wala kalenda ya kampuni ya dawa. Ya pili ni kupambanisha herufi na usuli wake, weusi juu ya weupe au weupe juu ya rangi iliyokoza sana, hata mtu asiyeona rangi yoyote aone giza na nuru. Nyekundu iachiwe dharura peke yake.

Nimefika mahali ambapo ningependa msomaji akae nami zaidi, kwa sababu ndipo panapopuuzwa. Mgeni aingiapo katika jengo hasomi kuta zote. Hutembea akitazama mbele mpaka njia igawanyike, na hapo, kwa muda wa hatua mbili au tatu, hutafuta shauri. Kibao kilichoko hapo, kikielekea uso wake, hutumika. Kilichoko hatua kumi kabla kimesahauliwa, na kilichoko hatua tano baada kimechelewa. Na kibao cha kwanza na cha pili humfundisha atazame wapi kupata cha tatu: vikiwa vimening'inia juu ya njia, urefu wa mita mbili na kidogo, atainua macho kwenye kila njia panda inayofuata, cha tatu kikigongwa kwenye mlango chini ya kiuno cha mtu aliyesimama, hatakiona, ijapokuwa kimechorwa kwa ustadi usio na mfano. Maana ya kuweka vibao mahali pamoja daima ni hiyo, wala si mapambo: ni kulipa jicho mazoea, ili hata kutokuwepo kwa kibao kuwe ni habari, yaani endelea mbele.

Kutokana na hayo huzaliwa kanuni ndogo ambazo fundi hawezi kuzikisia. Jina la chumba liwekwe ukutani upande wa kitasa, lisiwekwe juu ya ubao wa mlango, kwa kuwa mlango ukifunguliwa jina hugeukia ndani, na milango ya kliniki zetu hukaa wazi mchana kutwa kwa ajili ya joto. Kibao cha kwanza kisiwe hatua moja baada ya kizingiti, kwa sababu atokaye katika jua la mchana huingia kivulini akiwa kama kipofu kwa muda. Kisitundikwe mbele ya dirisha au ukumbi wenye mwanga mkali nyuma yake, maana kitaonekana cheusi kitupu. Na mshale wenye maana ya «nenda mbele», uchorwao ukielekea juu, katika jengo lenye ghorofa huwapeleka watu ngazini. Mahali kama hapo heri neno.

Natuchukue kliniki ya mfano tuone tathmini ya haki huendaje. Jengo ni la ghorofa moja, umbo lake ni kama herufi L. Langoni pana mapokezi, chumba 1. Korido ya mita 12 ina malipo, chumba 2, na vipimo vya awali, chumba 3. Kwenye kona korido hupinda kulia kwenda vyumba 4, 5 na 6 vya madaktari, na mwisho wake ni maabara, chumba 7. Dirisha la dawa, namba 8, liko karibu na lango, nyuma ya mapokezi. Mgonjwa wa homa hana safari moja. Atoka 1 kwenda 2, kisha 3, kisha 5, kisha 7, kisha arudi 5 na majibu yake, kisha aende 8, kisha atoke: safari saba. Vibao vikiwa vyote vinatazama lango, kama ilivyo desturi, vinamhudumia katika nne za kwanza. Katika tatu za kurudi huviona migongo. Hapana picha wala rangi iwezayo kuiponya kasoro hii, na mkutano wa mezani hauwezi kuigundua, kwa sababu mezani kibao hakina mgongo.

Watafutwe watu kumi na wawili wasiopata kuingia humo, si wagonjwa, wawe na umri na elimu za namna mbalimbali, baadhi yao wasiojua kusoma na baadhi yao wenye macho dhaifu. Kila mmoja apewe kikaratasi kile kile apewacho mgonjwa, aende saa za msongamano, na mtazamaji amfuate nyuma kwa kimya akiwa na ramani, aandike kila aliposimama, alipogeuka nyuma, alipouliza na alipoingia pasipo pake. Kisha makosa yasomwe kwa aina yake. Aliyepita njia panda bila ya kuinua macho hakukiona kibao: kosa ni la mahali. Aliyesimama akakitazama kisha akauliza alikiona asikielewe: kosa ni la neno au picha. Aliyekisoma akaondoka kwa yakini upande usio sawa ameongozwa vibaya: kosa ni la mshale. Tuseme watu tisa katika kumi na wawili, wakitoka chumba 5, wamepita kona na kwenda hadi lango bila ya kuliona dirisha la dawa, ingawa picha yake ndiyo iliyosifiwa zaidi mezani. Hatuna haja ya picha mpya, bali kibao kile kipewe uso wa pili uwatazame watokao kwa madaktari, na herufi zake, kwa kuwa husomwa kutoka mwisho wa mita 12, zisipungue milimita 40 kwa urefu, kwa hesabu ya milimita 25 kwa kila mita saba na nusu. Kisha jaribio lirudiwe kwa watu wengine, maana wale wa kwanza wamekwisha kuwa wenyeji. Watu kumi na wawili hawatoshi kutoa hesabu ya asilimia ya kutangazwa. Lakini kasoro iwakwamishayo tisa haihitaji ushahidi zaidi.

Nitaambiwa kwamba haya ni taklifu, na kwamba atakayepotea atauliza, kwa kuwa sisi ni watu wa salamu na maelekezo. Ndivyo, ataulizwa mlinzi, ataulizwa muuguzi, ataulizwa mtu wa usafi, nao watajibu kwa wema. Lakini jibu nalo lina gharama. Mwaka 1990 Craig Zimring, akiikadiria hospitali ya Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, alipata kwamba kuwaelekeza wageni kulichukua zaidi ya saa 4,500 za wafanyakazi ambao hiyo haikuwa kazi yao, na gharama yote ya kupotea ikazidi dola 220,000 kwa mwaka. Kliniki yetu ni ndogo mno kuliko hospitali ile, lakini muuguzi wetu ana wagonjwa wengi na dakika chache, na kila dakika ya «nenda mbele, kata kulia» imetoka katika dakika za mtu aliyelala kitandani. Wala asiyeuliza si lazima awe amefika. Wengine huona haya kutaja mbele ya watu chumba wanachokitafuta.

Nitaambiwa pia kwamba jengo likiwa baya, vibao havitafaa kitu. Hilo ni kweli kwa sehemu, na O'Neill huyo huyo aliona kwamba vibao havikuweza kufidia kikamilifu ramani yenye utata. Lakini hiyo ni sababu ya kuhamisha dirisha la dawa au kufungua mlango wa pili pale tathmini inapoonyesha, si sababu ya kuikimbia tathmini.

Nilitakalo basi ni jambo ambalo kila msimamizi aliweza bila ya fedha mpya. Kabla kibao hakijachongwa, kiandikwe kwenye karatasi ngumu na kufungwa kwa kamba mahali kilipokusudiwa, kwa urefu uliokusudiwa, wageni watembezwe, karatasi zihamishwe, zigeuzwe, ziandikwe upya mpaka makosa yapungue, na ndipo fundi aitwe. Picha ambazo hazikufahamika ziachwe, na chumba kibaki na namba na jina lake, lile lile lililoandikwa kwenye kikaratasi cha mgonjwa. Na mkataba wa mchoraji useme kwamba malipo ya mwisho hufuata matembezi ya wageni, si kikao cha wenyeji, kwa sababu mwenyeji akikosea katika kukisifu kibao hapotezi kitu, na mgonjwa akikosea njia kwa sababu ya sifa hizo, hasara yote ni yake.